Bila mradi, ingekuwaje? Ulizo la kwanza kwa wauzaji wa karboni

Ku Katanika, kando ya Kalemie, hakuna mama asiyejua uzito wa mfuko wa makala. Akiushika tu kwa mkono, anajua kama umejazwa vizuri ao kama katikati waliweka majani. Tena anajua mfuko utafika siku ngapi, na siku gani atapaswa kurudi sokoni. Ujuzi huo ndio tunauhitaji siku mtu wa mradi atakapokuja na mashini yake ya kuonyesha picha ukutani, akisema: «Kila mbabula mpya inaokoa tani tatu na nusu za hewa ya karboni kwa mwaka. Tutawapa mbabula bure. Ninyi mtie sahihi hapa, kredi zitakuwa zetu.»

Miradi ya namna hiyo imekwisha kupita katika nchi nyingi za Afrika, na kwetu Kongo pia. Mingine inagawa mbabula, mingine inalinda pori. Yote inauza kitu kimoja: kredi ya karboni. Kredi moja ni tani moja ya hewa chafu ambayo, kwa maneno ya muuzaji, haikupanda mbinguni kwa sababu ya mradi wake. Kampuni fulani ya mbali, labda ya ndege ao ya simenti, inanunua kredi hiyo na kusema: «Sisi tumetoa tani moja huku, lakini tumelipa ili tani moja isitoke kule.»

Biashara hiyo yote imesimama juu ya ulizo moja, na mtoto wa shule anaweza kuliuliza: bila mradi, ingekuwaje?

Shimo lililojaa maji

Wachimbaji wataelewa upesi. Tuseme mtu anakuja kwa mkubwa wa kampuni na kusema: «Nipe pesa, mimi nitaacha kuchimba shimo langu, na miti ya pale itabaki.» Mkubwa analipa. Kisha watu wanamwambia kwamba lile shimo limejaa maji tangu miaka mitatu na hakuna mtu anayeshuka ndani. Yule mtu hakusema uongo, maana ni kweli hachimbi. Lakini pesa haikubadilisha kitu, kwa sababu asingechimba hata bila kulipwa.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya karboni na madini. Kasiterite inapimwa kwenye mizani. Muuzaji anataka kilo ziwe nyingi, mnunuzi anazitaka ziwe chache, na katika kuvutana kwao ukweli unaonekana. Hata wakidanganyana, mzigo uko mbele yao, wanaweza kuupima mara ya pili. Tani ya karboni iliyookolewa haiko mbele ya mtu yeyote. Ni tani ambayo haikutoka, na kitu ambacho hakikutokea hakipandi kwenye mizani.

Kuna jambo lingine. Muuzaji wa kredi anataka hesabu iwe kubwa, kwa sababu atauza nyingi. Mnunuzi naye haumii hesabu ikikuzwa, kwa sababu kredi zikiwa nyingi bei inashuka na jina lake linasafishwa kwa pesa kidogo. Mkaguzi anayekuja kuhakikisha, mara nyingi analipwa na mwenye mradi. Basi hakuna anayevuta kamba upande wa pili. Ndiyo maana maulizo ya watu waliokaa katika chumba, wale wanaopika na wanaonunua makala, yana uzito.

Tani tatu na nusu zinatoka wapi?

Tuchukue hesabu yenyewe na kuifuata polepole. Hesabu hii ni mfano tuliouweka wenyewe ili njia ionekane. Si ya mradi fulani. Lakini hatua zake ndizo zinazotumiwa katika miradi ya mbabula.

Mwenye mradi anaanza na jamaa moja. Anasema inachoma kilo 2 za makala kwa siku, ni kusema kilo 730 kwa mwaka. Kisha anahesabu kuni zilizochomwa porini ili kupata makala hayo. Kwa miaka mingi hesabu za miradi zilichukua kilo 6 za kuni kwa kilo 1 ya makala. Hivi jamaa ile inakula kilo 4 380 za kuni kwa mwaka, karibu tani 4,4.

Mbabula mpya, anasema, inapunguza nusu. Basi inaokoa tani 2,2 za kuni. Tani moja ya kuni ikiungua inatoa karibu tani 1,75 ya hewa ya karboni. Mwishowe anauliza: katika kuni hizo, ni sehemu gani inatoka kwa miti isiyoota tena? Swali hilo ni la lazima, kwa sababu mti unaoota tena unarudisha ndani yake ile hewa iliyotoka. Mwenye mradi anajibu: asilimia 90. Akizidisha yote, anapata karibu tani 3,5 kwa mbabula moja kwa mwaka. Akigawa mbabula 10 000, anauza kredi 35 000 kila mwaka.

Sasa tunyooshe mkono na kuuliza.

Ulizo la kwanza: nani angeinunua bila ninyi?

«Ile mbabula, batu bangapi bangeinunua na pesa yabo?» Hilo ni ulizo la haki. Kama mbabula za namna hiyo zinauzwa tayari sokoni, na jamaa zenye mshahara zinazinunua kwa sababu makala yamepanda bei, basi jamaa hizo zingepunguza makala hata kama mradi haukuja. Mradi hauwezi kuuza mapunguzo yao.

Hapa jibu linategemea mahali. Ku Katanika kuna watu wengi waliokimbia vijiji vyao wakati wa vita vya miaka ya 2016 na 2017, waliofika bila kitu. Mtu anayetafuta unga wa leo hanunui mbabula ya bei. Kwa jamaa hizo mradi unaweza kusema kwa haki: bila sisi, wasingeipata. Lakini mradi huohuo ukigawa mbabula katikati ya mji kwa watu wenye mishahara, jibu linabadilika. Katika mfano wetu tuseme jamaa moja katika tano ingenunua yenyewe. Tani 3,5 zinakuwa 2,8.

Ulizo la pili: mbabula ya zamani iko wapi?

Hesabu ya mradi inafikiri kwamba mbabula mpya ikiingia, ya zamani inatoka. Akina mama wanajua kwamba si hivyo. Ya zamani inabaki nje, inapikia maharagi ao bukari ya watu wengi, kwa sababu mpya ni ndogo ao sufuria kubwa haikai vizuri. Siku ya mvua moja inatumika, siku ya sikukuu zote mbili zinawaka. Na kuna mbabula mpya iliyopasuka baada ya miezi, na ingine iliyouzwa mtoto alipogonjwa.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza mbabula ngapi ziligawanywa. Inapaswa kuulizwa zinapikia vyakula vingapi kwa juma. Watu wa mradi wanapita na karatasi ya maulizo, na mama aliyepewa kitu bure anajibu kwa heshima: «Ndiyo, naitumia kila siku.» Jibu la adabu linageuka kuwa tani. Njia nzuri zaidi ni kuweka kipimo kidogo cha joto kwenye mbabula zote mbili, mpya na ya zamani, nacho kinaandika chenyewe kila mara moto unapowaka. Tuseme katika mfano wetu mpya inapikia nusu tu ya vyakula. Tani 2,8 zinakuwa 1,4.

Ulizo la tatu: mti ungebaki umesimama?

Hili ndilo ulizo kubwa kuliko yote, na ndilo linalofichwa katika asilimia 90 ya mwenye mradi. Makala yanatoka wapi? Mara nyingi mtu anafungua shamba la muhogo ao la mahindi. Anakata miti ili apate udongo, kisha miti iliyoanguka anaichoma makala ili apate pesa ya kwanza. Mti ule uliuawa na shamba. Hata kama mji wote ungepika na umeme, shamba lingefunguliwa. Pahali pengine watu wanakata matawi na miti midogo, na baada ya miaka kadhaa shina linachipuka tena. Huko pia pori linarudi lenyewe.

Lakini kuna pahali ambapo miti inakatwa kwa ajili ya makala tu, mwaka kwa mwaka, mpaka kilima kinabaki na majani matupu. Huko kweli kila mfuko usionunuliwa unaokoa kitu. Swali ni kujua sehemu ya kila upande. Uchunguzi wa dunia nzima uliotolewa mwaka 2015 katika jarida Nature Climate Change ulipata kwamba, kwa mwaka 2009, kati ya asilimia 27 na 34 tu ya kuni zilizokatwa duniani zilikatwa kupita nguvu ya miti kuota tena. Kuna maeneo yaliyo mabaya zaidi, na Afrika ya Mashariki ina maeneo ya namna hiyo. Hata hivyo, mradi unaosema asilimia 90 unapaswa kuonyesha ni kilima gani, na miti ya kilima hicho ilikuwaje miaka kumi iliyopita. Katika mfano wetu tuchukue asilimia 30. Tani 1,4 zinashuka chini ya 0,5.

Ulizo la nne: kilo mbili mlizipima wapi?

Kilo 2 kwa siku ndizo mlango wa hesabu yote. Kama jamaa za kartie zinachoma kweli kilo moja na nusu, kila tarakimu inayofuata imekuzwa. Tena makala yakipanda bei, watu wanapunguza wenyewe: wanazima moto mapema, wanapika mara moja kwa siku, wanaacha chai ya jioni. Mwenye mradi akirudi baada ya mwaka na kukuta makala yamepungua, atasema ni mbabula yake. Kumbe ni bei, na labda ni njaa.

Dawa yake inajulikana: kupima makala kwa mizani, si kwa kukumbuka, asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na kuyapima pia kwa jamaa za avenyu ileile ambazo hazikupata mbabula. Kama bei imepanda, imepandia wote. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo kazi ya mbabula. Kilichopungua kwa wote wawili kingepungua hata bila mradi. Katika mfano wetu, kilo 2 zikiwa kweli 1,5, tunafika karibu tani 0,35.

Tulianza na 3,5, tumefika 0,35. Hakuna ulizo moja lililoangusha nyumba. Kila moja lilikata kidogo, lakini makato yanazidishana, na mwishowe kredi kumi za karatasi zimebeba kredi moja ya kweli.

Watafiti walipata nini?

Mfano wetu hauko mbali na yaliyoonekana. Katika Januari 2024, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Berkeley ku Kalifornia, Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya, walitoa uchunguzi wao katika jarida Nature Sustainability. Walichukua miradi ya mbabula na kuhesabu tena kredi zake, wakiuliza maulizo kama haya yetu: watu waliipokea kweli, wanaitumia mara ngapi, ya zamani ingali inawaka, na kuni zile zinaota tena ama haziote. Katika mifano waliyochunguza, kredi zilikuwa zimekuzwa mara 9,2. Walipata pia kwamba miradi inayopima moja kwa moja gasi ao umeme uliotumiwa ilikaribia ukweli zaidi, kwa sababu kilo za gasi zilizouzwa zinahesabika, hazitegemei adabu ya mtu anayejibu maulizo.

Pori la Mai-Ndombe na sheria ya karatasi

Ulizo letu linauma vilevile kwenye pori. Katika jimbo la Mai-Ndombe, tangu mwaka 2011, kuna mradi wa karboni unaolinda karibu hektari 300 000, unaoendeshwa na kampuni Wildlife Works. Ardhi ile zamani ilikuwa ya kukata mbao, na Leta ilifuta vyeti vile. Mradi ulieleza hivi: bila sisi, wakataji wa mbao wangerudi, barabara zingefunguliwa, na wakulima wangefuata nyuma yao mpaka pori liishe.

Mtu anaweza kuuliza: wangerudi kwa ruhusa gani? Tangu mwaka 2002 Leta ilikataza kutoa vyeti vipya vya kukata mbao. Kama sheria imefunga mlango, huwezi kuuza kazi ya kuufunga. Ni kanuni ya kwanza katika mambo haya: kitu kinacholazimishwa na sheria hakihesabiwi kuwa ni kazi ya mradi.

Lakini tusikimbilie hukumu. Katika Aprili 2022 ulitolewa hadharani ukaguzi wa Inspeksio Jenerali ya Fedha, nao ulionyesha kwamba mawaziri waliofuatana waligawa maeneo ya pori kinyume cha lile katazo. Basi mwenye mradi anaweza kujibu: «Sheria mnayoitaja iko kwenye karatasi. Sisi tunahesabu mambo kama yanavyotokea.» Jibu hilo lina nguvu. Ila likikubaliwa, linaleta ulizo lingine: ni pori gani lingekatwa, upesi wa namna gani? Maana miti haikatwi sawasawa kila pahali. Pori lililo karibu na mji na barabara linaisha upesi, lile la mbali bila njia linakaa. Mwenye mradi akilinganisha pori lake la mbali na pori la kando ya mji, atapata «hasara» kubwa ambayo isingetokea, na ataiuza.

Katika Agosti 2023 jarida Science lilitoa uchunguzi wa miradi 26 ya kulinda pori katika nchi sita, kati yake Kongo yetu, Tanzania na Zambia. Thales West na wenzake walifanya kama tulivyosema juu ya jamaa zisizo na mbabula: walitafuta mapori yasiyo na mradi lakini yanayofanana kwa barabara, udongo na watu, wakaangalia miti ilipungua namna gani pande zote mbili. Miradi mingi haikuonyesha tofauti kubwa. Katika miradi 18 iliyokuwa na hesabu za kutosha, kwa kredi milioni 89 zilizotazamiwa mpaka 2020, milioni 5,4 tu, ni kusema karibu asilimia 6, ndizo zilizolingana na miti iliyookolewa kweli. Wenye miradi walipinga njia ya uchunguzi huo, na wanayo haki ya kupinga, kwa sababu mambo ambayo hayakutokea hayana shahidi. Kila hesabu ya «ingekuwaje» inabaki makisio. Tofauti ni kati ya makisio yanayojaribiwa na makisio yanayochaguliwa kwa sababu ni makubwa.

Hasara ni ya nani?

Mtu atasema: mbabula nimepewa bure, moshi umepungua, makala yangu yanafika siku mbili zaidi, kama mzungu fulani amedanganywa, mimi inanihusu nini? Ni kweli, mbabula nzuri ni nzuri hata kama kredi zake ni hewa tupu. Mama asiikatae kwa sababu ya hesabu ya watu.

Lakini inamuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kontra. Anayetia sahihi anatoa haki ya kudai mapunguzo yale, na katika miradi ya pori kijiji kinaweza kujifunga kwa miaka 25 ao 30: hapa msilime, hapa msichome makala. Kama malipo ya kijiji yanategemea kredi, na kredi zilikuzwa, siku wanunuzi watakapogundua bei itaanguka. Katazo litabaki, pesa itakwisha. Ya pili ni hewa yenyewe. Kampuni iliyonunua kredi kumi inaendelea kutoa tani kumi za kweli, kwa sababu iliambiwa kwamba huku zimeokolewa. Kama huku imeokolewa moja, tani tisa zimeongezeka juu yetu wote, na mvua inayochelewa haichagui shamba la nani.

Kwa hiyo, picha zikiisha ukutani na mtu wa mradi akisema «Kuko maulizo?», msinyamaze. Muombeni aandike ubaoni tarakimu nne: kilo za makala kwa siku kabla ya mradi, sehemu ya watu ambao wangenunua wenyewe, sehemu ya vyakula vinavyopikwa kwenye mbabula mpya, na sehemu ya kuni isiyoota tena. Kwa kila moja muulizeni ilipimwa wapi, mwaka gani, na nani alimlipa aliyepima. Muulizeni pia kama kuna avenyu isiyopata mbabula inayopimwa pamoja na yenu. Kisha mwambieni asome kwa sauti pahali kontra inaposema nani anapata pesa kredi zikiuzwa, na nini kitafanyika kredi zikishindwa kuuzwa. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri atakuwa na majibu hayo katika mfuko, na atafurahi kuulizwa. Mwingine akisema kwamba ni mambo ya wataalamu, shefu wa kartie anaweza kumwambia arudi siku nyingine pamoja na hao wataalamu, na sahihi ingojee mpaka siku hiyo.